Ujumbe umenyooshwa, lakini bado ni wewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayeandika ujumbe, akaunyoosha mwenyewe au akampa mwenzake amnyooshee, kisha anataka kukagua kama bado una sauti yake kabla ya kuutuma kwa mtu anayemfahamu: ndugu, rafiki, jirani, mfanyakazi mwenzake wa siku nyingi. Ni maswali ninayoulizwa na watu ninaowasaidia kuandika, na nimeyajibu kwa kadiri kila moja linavyohitaji.

Habari ni ileile na maneno yamekuwa mazuri zaidi. Kwa nini mtu ashtuke?

Kwa sababu anayekujua hasomi habari peke yake. Kabla hajafika kwenye jambo lenyewe ameshasikia ni nani anayesema na yuko katika hali gani. Ukizoea kumwandikia kaka yako "Kaka mambo vipi, za tangu juzi", halafu leo ukamwandikia "Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima wa afya", hatasema moyoni kwamba siku hizi unajua kuandika. Atajiuliza kama umemkasirikia, kama kuna jambo unalificha, au kama simu yako iko mikononi mwa mtu mwingine.

Hilo la kukasirika ndilo watu hawalitegemei. Kati ya watu wa karibu, lugha rasmi ni dalili ya umbali. Watu wakinuniana hawatukanani kila mara. Wengi huanza kusemeshana kwa adabu kupita kiasi. Jina la utani linapotea linakuja jina kamili, "naomba" inageuka kuwa "tafadhali naomba ieleweke". Kwa hiyo ujumbe ulionyooshwa kwa nia njema kabisa unaweza kufanana sana na ujumbe wa mtu mwenye kinyongo.

Utajua limetokea ukiona jibu haligusi ulichoandika. Umeuliza tarehe, umejibiwa "Kuna nini?" Umetoa taarifa, umepigiwa simu na mtu anayekusikiliza sauti kwanza kabla ya kukuuliza chochote. Au umejibiwa kwa lugha rasmi ileile, baridi, na mtu ambaye jana tu mlikuwa mnataniana.

Sauti ya mtu iko wapi hasa kwenye maandishi?

Wengi hudhani iko kwenye utani wake, misemo yake, yale maneno anayoyapenda. Hayo yapo, lakini hayana shida kubwa, kwa sababu yeyote anayenyoosha huyaona na kuyaacha. Yanayopotea ni madogo zaidi.

Upo mfano unaojulikana sana kwa wanaochunguza uandishi. Mwaka 1787 na 1788 zilichapishwa Marekani insha 85 za kutetea katiba mpya, zote kwa jina moja la kubuni. Walioziandika walikuwa watatu, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, na kwa muda mrefu watu walibishana kuhusu insha 12: ni za Hamilton au za Madison? Wote wawili walikuwa wasomi, waliandika kuhusu mambo yaleyale kwa mtindo unaofanana. Frederick Mosteller na David Wallace, wataalamu wa takwimu, walichapisha mwaka 1964 uchunguzi uliolijibu swali hilo kwa kuhesabu vineno vidogo, vile vya kuunganisha na kuonyesha mahali, ambavyo mwandishi huvitumia bila kufikiri. Vineno hivyo vilielekea kwa Madison.

Ndugu yako hahesabu, lakini sikio lake limezoea vineno vyako. Kuna mtu husema "ila" na mwingine "lakini". Kuna wa "halafu" na wa "kisha", wa "maana" na wa "kwa sababu", wa "basi" na wa "kwa hiyo". Mmoja huandika "nakuja", mwingine "ninakuja". Yote ni Kiswahili sahihi. Na hapo ndipo hatari ilipo: anayenyoosha hubadilisha "ila" kuwa "lakini" bila kuona kwamba ameondoa chochote, kwa kuwa maana haijasogea hata kidogo. Akifanya hivyo mara sita katika ujumbe mfupi, mwenye ujumbe ameshaondoka humo.

Baada ya vineno, angalia namna ya kuomba. Hapa Kiswahili kinatupa njia nyingi na kila mtu ana yake. "Naomba uniletee", "uniletee basi", "ungeniletea ningeshukuru", "nilikuwa naomba kama utaweza uniletee", "niletee bwana". Heshima ya mtu inakaa kwenye umbo la kitenzi na jina analomwitia mwenzake, si kwenye "tafadhali". Watu wengi hawajawahi kumwandikia mama yao "tafadhali" hata siku moja, na ikitokea leo, mama ataisikia kama amri ya ofisini.

Halafu kuna salamu na jina la kumwita mtu, ambalo halihitaji maelezo marefu: likibadilika, kila kitu kimebadilika.

Nianzie wapi ukaguzi wenyewe?

Anza na ujumbe wa zamani, kabla hujagusa huu mpya. Fungua mazungumzo yako na mtu huyohuyo unayetaka kumwandikia, upande juu hadi utoke kwenye jambo la sasa, usome ujumbe kama kumi hivi ulioandika mwenyewe ukiwa na jambo la kusema. Ruka zile "sawa" na "poa", ruka ulizosambaza tu kutoka kwa wengine. Ruka pia za siku za ugomvi au msiba, maana siku hizo hakuna anayeandika kama kawaida yake.

Nasisitiza awe mtu huyohuyo. Hakuna mwenye sauti moja. Unavyomwandikia mjomba sivyo unavyomwandikia rafiki uliyesoma naye, na ukichukua sauti ya rafiki ukampelekea mjomba, utamshangaza vilevile kama ungempelekea barua ya ofisi.

Ukishasoma, andika pembeni mambo machache: unaanzaje, unamwitaje, unaombaje, sentensi zako ni fupi au ndefu, unamalizaje. Kisha andika kitu ambacho watu husahau: ni maneno gani hayapo kabisa. Kama katika ujumbe wote huo hakuna "changamoto", hakuna "kutokana na", hakuna "napenda kukujulisha", basi hayo ni maneno ambayo ujumbe mpya hauruhusiwi kuwa nayo. Mimi naona orodha ya yasiyokuwepo ina msaada kuliko ya yaliyopo. Kosa la kukosa neno moja ulilolizoea msomaji hulisamehe, lakini neno moja geni humsimamisha.

Kama hamuandikiani kwa kawaida, mnapigiana simu tu, sema ujumbe wako kwa sauti kana kwamba amepokea, kisha andika ulivyosema. Ujumbe wa sauti wa zamani nao unafaa sana kwa kazi hii.

Unaweza kuonyesha mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho?

Ndiyo. Huu nimeutunga, lakini umefuata mwendo ninaouona kila mara. Kijana anadaiwa na dada yake mkubwa. Anataka kumwambia kwamba hataweza kulipa deni lote kwa pamoja. Ameandika hivi:

"Dada shikamoo. Poleni na kazi. Dada nilikua nasema ile hela ulonipa, mwisho wa mwezi huu sitaiweza yote. Nusu nitatuma tarehe 30 nusu ingine mwezi ujao. Usinichoke dada yangu. Mama anaendeleaje na mguu"

Ameona aibu na tahajia yake, akampa mwenzake wa kazini amnyooshee. Ukarudi hivi:

"Habari dada, natumaini u mzima. Napenda kukujulisha kwamba kutokana na changamoto za kifedha zilizojitokeza, sitaweza kurejesha kiasi chote ulichonikopesha kwa muda tuliokubaliana. Ninapendekeza nilipe nusu tarehe 30 mwezi huu na kiasi kitakachobaki mwezi ujao. Naomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Tafadhali nijulishe hali ya mama."

Tahajia ni safi. Sasa usome kama dada mtu.

Neno la kwanza tu, shikamoo imeondoka. Mdogo wake hajawahi kumsalimia "habari". Kabla ya kufika kwenye pesa, dada ameshaona kuna jambo.

"Changamoto za kifedha zilizojitokeza" ni mbaya zaidi, kwa sababu haikuwepo. Kijana hakutoa sababu yoyote. Aliyenyoosha aliona pengo akalijaza, na dada sasa anajiuliza: kafukuzwa kazi? Kaibiwa? Anaumwa? "Muda tuliokubaliana" nayo ni nyongeza. Labda hakukuwa na makubaliano, dada alitoa tu. Na "ulonipa" imegeuka "ulichonikopesha". Kwa maana ya deni ni sawa, lakini kati ya ndugu "ulonipa" hubeba shukrani, na "ulichonikopesha" humgeuza dada kuwa mdai.

"Ninapendekeza" imehamisha uamuzi. Katika ujumbe wa kwanza mdogo anasema atakachofanya kisha anajishusha: usinichoke. Katika wa pili anakaa mezani na dada yake kama watu wawili wa kampuni mbili. "Usinichoke dada yangu", sentensi iliyobeba ujumbe mzima, imebadilishwa kuwa "naomba radhi kwa usumbufu", maneno yanayobandikwa mlangoni maji yakikatika.

Na mguu wa mama umepotea. Swali la mguu lilikuwa uthibitisho kwamba anayeandika ni mtu wa nyumbani, anayejua nani anaumwa nini. "Hali ya mama" inaweza kuulizwa na yeyote.

Jambo moja ndilo linalonisikitisha zaidi katika mfano kama huu. Mahali pamoja palipohitaji kunyooshwa kweli hapakunyooshwa. "Sitaiweza yote" ina maana mbili: sitaweza kulipa hata kidogo, au sitaweza kulipa yote kwa pamoja. Dada akisoma haraka anaweza kuishia hapo na kuelewa la kwanza. Toleo la pili limeandika "sitaweza kurejesha kiasi chote", utata uleule ukiwa umevaa nguo nzuri.

Ujumbe uliokaguliwa unakuwa hivi:

"Dada shikamoo. Poleni na kazi. Dada nilikuwa nasema, ile hela ulonipa, mwisho wa mwezi huu sitaiweza yote kwa mara moja. Nusu nitatuma tarehe 30, nusu nyingine mwezi ujao. Usinichoke dada yangu. Mama anaendeleaje na mguu?"

Hesabu yaliyobadilika. "Nilikua" imepata w yake, "ingine" imekuwa "nyingine", imeongezwa "kwa mara moja" kuondoa utata, koma mbili, moja ya kutulia baada ya "nasema" na nyingine inayotenga tarehe na kinachofuata, na alama ya kuuliza mwishoni. "Ulonipa" nimeiacha. Inasomeka bila shida yoyote na ndivyo anavyomwandikia dada yake siku zote.

Kwa hiyo makosa ya tahajia yaachwe?

Mengine ndiyo, mengine hapana, na kipimo changu ni kama kosa linamzuia msomaji. Kosa linaloleta maana nyingine, linalofanya tarehe au kiasi kisomeke vibaya, linalomfanya mtu arudie sentensi mara mbili, hilo liondolewe bila huruma. Kosa ambalo ni matamshi ya mtu, kama "ulonipa" au "alafu", ni lake, na kwa ndugu zake lina sura yake.

Lakini usitengeneze makosa. Nimeona mtu aliyeandika ujumbe safi akarudi kuuchafua ili uonekane wa kawaida. Wanaokujua wanajua pia makosa unayoyafanya na usiyoyafanya, na kosa lisilo lako hushangaza kama neno zuri lisilo lako.

Vifupisho navyo hivyohivyo. Kama humwandikii mtu "xaxa" na "cjui", usianze leo.

Kusoma kwa sauti kunatosha?

Kunasaidia, hasa kuonyesha sentensi ndefu kuliko pumzi yako. Ukilazimika kuvuta hewa katikati ya sentensi na ujumbe wako wa kawaida hauna sentensi za namna hiyo, ikate.

Hakutoshi, kwa sababu ukishausoma ujumbe mara tatu unaanza kuuzoea, na lililokuwa geni linageuka lako. Dawa yake ni kuuacha kwa muda, hata saa moja, kisha kuusoma ukianzia kwenye mazungumzo ya zamani: soma ujumbe wako wa wiki iliyopita, wa juzi, kisha huu, mfululizo bila kusimama. Geni litajitokeza lenyewe. Hivi ndivyo atakavyousoma mpokeaji, kwa kuwa kwenye simu yake ujumbe mpya utakaa chini ya ile ya zamani.

Nimpe mtu mwingine aukague? Nani, na nimuulize nini?

Mpe anayekujua kwa kadiri ileile anayokujua mpokeaji. Ujumbe unaokwenda kwa shangazi, mpe binamu yako. Mfanyakazi mwenzako mzuri wa lugha atakupa Kiswahili kizuri, ila hajui unavyoongea na shangazi.

Usimuulize "Ni mzuri?" Kila mtu atasema ni mzuri. Usimwambie pia kwamba umenyooshwa. Msomee au mwonyeshe, kisha muulize, "Unadhani niliandika huu nikiwa katika hali gani?" Akikwambia "ulikuwa na haraka" au "ulikuwa umechoka", na kweli ndivyo, umefaulu. Akikwambia "ulikuwa umekasirika" na hukukasirika, rudi. Baada ya hapo mwombe akuonyeshe neno moja ambalo asingetegemea kulisikia kutoka kwako. Neno moja tu. Ukimwomba orodha atakutafutia makosa ambayo hayakumsumbua.

Siri za mtu zikiwemo ndani ya ujumbe, usimpe yeyote. Kagua mwenyewe kwa njia ya kusoma mfululizo.

Ujumbe ni wa kikundi cha ukoo, na kila mmoja ananijua kwa namna yake. Nitumie sauti ipi?

Tumia ile unayoitumia ndani ya kikundi chenyewe, si ya yeyote mmojammoja. Ndani ya kikundi kila mtu ana sauti yake ya hadhara, na wanachama wanaijua. Panda juu uone unavyotangaza mambo humo: unaanza na "Wapendwa", "Jamani", "Ndugu zangu", au unaingia moja kwa moja? Kama umekuwa ukiandika mstari mmoja mmoja, aya tatu zilizopangwa zitawafanya watu waulizane pembeni nani kakuandikia.

Ikiwa jambo ni kubwa na linahitaji aya tatu, tanguliza mstari mmoja wa kwako: "Jamani leo nimeandika refu kidogo, naomba msome mpaka mwisho." Mstari huo unawaambia kwamba unajua umebadilika, nao wataacha kushangaa na kusoma.

Wazee wakiwemo kikundini, salamu yao isipotee katika kunyoosha. Hii hupotea sana kwa sababu anayenyoosha huiona kama maneno ya ziada.

Naomba pesa, au natoa taarifa ya dharura. Nizingatie nini?

Hapa ugeni wa sauti una gharama kubwa zaidi, maana matapeli huandika kwa majina ya watu. Mpokeaji mwenye akili akiona ombi la pesa lenye sauti isiyo yako atakaa kimya au atakuzuia kabisa, na atakuwa amefanya sawa. Kwa ujumbe wa namna hii ninashauri kunyoosha kuwe kidogo sana: sahihisha kiasi, tarehe, namba, jina la mahali, uache mengine kama yalivyotoka.

Weka jambo moja dogo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua na lina uhusiano na ombi, kama ule mguu wa mama. Usiweke neno la siri wala namba ya siri ya kitu chochote.

Lakini sauti si uthibitisho. Mwenye simu yako anaweza kusoma ujumbe wako wa zamani na kuiga. Kwa hiyo, hata ujumbe ukisikika wewe mtupu, mpigie mpokeaji kabla hajatuma chochote, au mwambie akupigie kwa namba anayoijua tangu zamani, na usikasirike akikuuliza maswali.

Mimi ndiye ninayewanyooshea wengine. Nifanye kazi yangu vipi?

Kwanza omba ujumbe wao mbili tatu za zamani kwa mtu huyohuyo, wakikubali kukuonyesha. Bila hizo unanyoosha gizani, na utajaza pengo kwa sauti yako mwenyewe bila kujua. Hili hutupata sote tunaofanya kazi hii: baada ya muda watu wote tunaowasaidia huanza kuandika sawa.

Pili, uliza badala ya kujaza. Ukiona hakuna sababu ya kuchelewa kulipa, usiandike "changamoto". Muulize, "Unataka kumwambia sababu?" Akisema hapana, ukimya wake ni sehemu ya ujumbe. Mara nyingi mtu ameacha kusema jambo kwa makusudi, kwa sababu anamjua anayemwandikia kuliko unavyomjua wewe.

Tatu, rudisha ujumbe wake pamoja na wako, na umwonyeshe kila ulipogusa. Mtu akiona toleo jipya peke yake hulikubali lote, hasa kama anakuheshimu au anaona aibu na elimu yake. Akiona yote mawili pamoja ataweza kusema, "Hapa rudisha kama nilivyosema mimi." Sentensi hiyo akiisema, mpe nafasi aimalize. Na akikaa kimya, muulize wewe: kuna neno hapa usingeweza kulitamka mbele yake? Lipo mara nyingi.

Ukipata ujumbe ambao hauna utata wala kosa la kuzuia, urudishe kama ulivyo umwambie autume. Ni vigumu kwa sababu ameomba msaada na unaona umpe kitu. Mwambie umesoma neno kwa neno na hukuona pa kugusa, maana huo nao ni ukaguzi.

Na kama nataka kweli kusikika tofauti? Namwandikia rafiki yangu ambaye pia ni bosi wangu.

Basi tenganisha. Barua ya kazi iandike kama barua ya kazi, kwa lugha ya kazi, kwa sababu itasomwa na wengine na kuwekwa kwenye faili. Kabla ya kuituma, mpelekee ujumbe mfupi kwa sauti yenu ya siku zote: "Kaka, nakutumia barua sasa hivi, nimeiandika kiofisi kwa ajili ya faili." Akiifungua hatatafuta hasira ndani yake.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu. Barua inayoanza "Kwa heshima" na kumalizika "basi mwanangu tuonane jioni" itamchanganya rafiki na ofisi pia.

Nimeshatuma, na ameniuliza "Huyu ni wewe kweli?"

Usijibu kwa maandishi marefu, wala usitume sentensi nyingine iliyonyooshwa. Mpigie, au mtumie sauti. Mwambie ukweli kwamba ulimwomba mtu akunyooshee maneno, kisha useme jambo lenyewe upya kwa mdomo wako, kwa ufupi. Ukiwa umeandika kitu kisichokuwa kweli kwa sababu ya nyongeza ya mwingine, kama zile "changamoto", kitaje na ukiondoe wazi: "Hapana, kazi ipo, sina tatizo lolote, ni kwamba pesa haitoshi kwa mara moja." Usipokiondoa kitabaki akilini mwake, na wiki ijayo utaulizwa habari zake na mtu mwingine wa familia.

Ni ujumbe upi hauhitaji ukaguzi huu?

Wa mtu asiyekujua. Ombi la kazi, malalamiko kwa kampuni, tangazo, maelezo ya namna ya kufika mahali: hapo nyoosha upendavyo, kwa kuwa msomaji hana sauti yako ya zamani ya kulinganisha nayo. Ila kumbuka kwamba mtu huyo mkiendelea kuandikiana, sauti hiyo ya kwanza ndiyo atakayoizoea, na siku ukimwandikia "ila" badala ya "lakini" atakuwa yeye wa kushangaa.